Shajara ya mradi: Trebo iliyopungua, na kichujio nilichokisingizia

4 Aprili

Saa nne usiku bodi yangu ya kigeuzi, inayogeuza namba za wimbo kuwa sauti, imelia kwa mara ya kwanza. Chipu ni TDA1543 ya Philips, yenye miguu minane, inayokula volti 5, niliyoitoa kwenye mashine ya CD iliyokufa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaipelekea data kwa nyaya tatu za I2S: saa ya biti, saa ya kushoto na kulia, na data yenyewe. Nimeichagua chipu hii makusudi kwa sababu ndani yake hamna kichujio cha dijitali. Inapokea namba ya biti 16, inatoa mkondo unaolingana na namba hiyo, na inaushikilia vivyo hivyo mpaka namba inayofuata ifike. Basi. Kila kitu kingine nimekijenga mwenyewe nje ya chipu: rezista inayogeuza mkondo kuwa volti, kisha kichujio cha Butterworth cha daraja la tatu kwenye opampu ya NE5532, chipu ya kukuza mawimbi, kona yake, yaani masafa kinapoanza kukata kwa nguvu, kilohezi 30.

Nimepiga rekodi niliyoifanya mwenyewe mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu hapa Tanga, kikundi cha taarabu, kwa kinasa kidogo cha mkononi, sampuli 44,100 kwa sekunde. Besi imekaa vizuri, na sauti ya mwimbaji iko mbele. Ila ganuni haing'ari kama ninavyoikumbuka. Nimechomeka hedifoni kwenye kinasa chenyewe nikasikiliza kipande kilekile: kule nyuzi zinachomoza, na herufi "s" za mwimbaji zina makali yake. Kwenye bodi yangu ni kama mtu amening'iniza kanga nyembamba mbele ya spika. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na nimeisikia mara tatu mfululizo kabla sijalala.

5 Aprili

Leo ni siku ya kupima. Nimetengeneza toni tano kwa programu ya sox, kila moja faili lake, zote za ukubwa mmoja:

```
sox -r 44100 -n -b 16 -c 2 toni10k.wav synth 20 sine 10000 gain -6
```

Nimebadilisha namba ya mwisho ya `sine` ili nipate 1, 5, 10, 15 na 20 za kilohezi. Kwanza nimeshika oskiloskopu kwenye mguu wa rezista, yaani kabla ya kichujio. Picha inapendeza kuitazama. Toni ya kilohezi 1 ni wimbi lenye ngazi ndogo ndogo, ngazi 44 kwa mzunguko mmoja. Ya kilohezi 10 ina ngazi nne tu na kidogo, inafanana na majengo kuliko wimbi. Ya kilohezi 20 karibu inatisha: sampuli mbili na ushee kwa kila mzunguko, na kimo chake kinavimba na kunywea, kinavimba na kunywea, mara 4,100 kwa sekunde. Nilidhani chipu inakufa. Nikabadilisha chipu, nikaweka pacha wake, na pacha naye akafanya vilevile.

Nikasoma Vrms, yaani volti za wimbi lote kwa jumla, kwenye skrini kwa kila toni. Zote tano zinalingana, kutoka kilohezi 1 mpaka 20, bila tofauti inayosomeka. Nikaandika daftarini: "Chipu haina shida."

Kisha nikahamia baada ya kichujio, nikatumia kadi ya sauti inayopima sampuli 192,000 kwa sekunde, nikatazama spektra, yaani kimo cha kila masafa peke yake, kwenye kompyuta. Kadi yenyewe niliiunganisha kwanza tundu lake la kutolea sauti na lile la kupokea ili nijue upungufu wake, nikautoa kwenye hesabu. Matokeo: kilohezi 10 iko chini kwa desibeli 0.75, kilohezi 15 chini kwa 1.8, na kilohezi 20 chini kwa 3.5.

Kichujio cha Butterworth cha daraja la tatu chenye kona ya kilohezi 30 kinatakiwa kipunguze kilohezi 20 kwa desibeli 0.37 tu. Chini ya 10 hakitakiwi kuonekana kabisa. Kwa hiyo mkosaji nilimwona palepale: kapasita za kichujio. Nina mashaka na zile za kijani nilizonunua kwa mafungu.

11 Aprili

Wiki nzima ya jioni zimeishia kwenye kapasita. Nimezipima moja moja, nimetupa mbili zilizokuwa mbali na thamani yake, nimelehemu mpya za asilimia 1. Nimekokotoa upya rezista. Nimebadilisha NE5532. Kona ya kichujio nimeithibitisha kwa kukipitishia toni kutoka kwenye jenereta ya mawimbi badala ya chipu: kilohezi 20 ikashuka kwa 0.37, sawasawa na hesabu. Nikarudisha chipu: 3.5. Kichujio kinafanya kazi yake kikamilifu, na bado trebo, yaani sauti za masafa ya juu, inakosekana.

12 Aprili

Asubuhi nimebeba bodi, oskiloskopu na daftari mpaka kwa mzee mmoja mtaa wa pili, aliyetengeneza redio tangu zama za valvu. Nimemsalimu, nimemwonyesha jedwali langu. Akalisoma kimya, kidole kikitembea kutoka safu moja kwenda nyingine.

"Mwanangu, hapa kabla ya kichujio umepima kwa nini?"

"Kwa oskiloskopu, mzee."

"Na hapa baada yake?"

"Kwa kadi ya sauti."

"Oskiloskopu inasoma kila kinachopita. Kadi umeiuliza habari ya toni moja tu. Hujapima kitu kimoja mara mbili, umepima vitu viwili mara moja moja. Ipeleke kadi kule mwanzoni."

Nimerudi nyumbani mbio. Nimeweka kadi ya sauti kwenye mguu wa rezista, kabla ya kichujio, kupitia opampu ya kutenganisha ili kadi isiulemee mguu ule. Nimepiga kilohezi 20. Kwenye spektra, toni iko chini kwa desibeli 3.2, hata kabla haijaonja kichujio. Na pembeni yake, kwenye kilohezi 24.1, imesimama toni nyingine ambayo sikuitengeneza, ikikaribia kulingana nayo kwa kimo. Mbele zaidi ziko nyingine, kwenye 64.1 na 68.2.

Kwa hiyo upungufu unazaliwa pale pale chipu inaposhikilia sampuli. Kichujio kinaongeza 0.37 yake, na 3.17 jumlisha 0.37 ndiyo 3.5 niliyoiona. Jenereta ya mawimbi haina ngazi, ndiyo maana ilikipitia kichujio salama.

13 Aprili

Leo sijagusa solda. Nimekaa na karatasi mpaka nielewe kwa nini kushikilia kunapunguza trebo, maana bila kuelewa hilo nitarudi tena kwenye kapasita.

Nimelifikia hivi. Namba zilizomo kwenye faili ni nukta tupu, kila moja na wakati wake. Kama chipu ingeweza kutoa mpigo mwembamba sana kwa kila nukta, masafa yote ya wimbi yangetoka kwa kimo kimoja, besi na trebo sawa. Lakini chipu inachukua kila nukta na kuivuta ikae mikrosekunde 22.7, ambao ndio muda wa sampuli moja. Kuvuta nukta hivyo ni sawa na kuchukua wastani wa wimbi kupitia dirisha lenye upana wa mikrosekunde 22.7. Toni ya kilohezi 1 ina mzunguko wa mikrosekunde 1,000, kwa hiyo ndani ya dirisha hilo haijasogea sana, na wastani wake ni ileile. Toni ya kilohezi 20 ina mzunguko wa mikrosekunde 50. Ndani ya dirisha inasafiri karibu nusu ya mzunguko, inapanda na kuteremka, na ukichukua wastani wa safari hiyo unapata kimo pungufu. Ukienda mpaka kilohezi 44.1 kamili, dirisha linameza mzunguko mzima, juu na chini vinafutana, wastani ni sifuri.

Hesabu yake ni fupi:

```python
from math import sin, pi, log10
fs = 44100
for f in (1000, 5000, 10000, 15000, 20000):
    x = pi * f / fs
    print(f, round(20 * log10(sin(x) / x), 2))
```

Imenijibu -0.01, -0.18, -0.75, -1.72 na -3.17. Ukiongeza kidogo kinacholiwa na kichujio, ndilo jedwali langu la tarehe 5. Hakuna kapasita wala opampu ndani ya fomula hiyo, wala jina la chipu. Kuna masafa ya toni na kiwango cha sampuli tu. Kigeuzi chochote kinachoshikilia ngazi kwa sampuli 44,100, kiwe cha bei gani, kinapoteza kiasi hichohicho.

Swali lililonisumbua zaidi ni lile la Vrms. Kama toni imepungua mpaka asilimia 69 ya kimo chake, oskiloskopu iliionaje kamili? Jibu ni kwamba ngazi zina kimo cha sampuli zenyewe, na nguvu ya jumla ya ngazi ni sawa na nguvu ya jumla ya sampuli, masafa yawe yoyote. Nguvu haijapotea. Imegawanywa. Kwa toni ya kilohezi 20, toni yenyewe inabaki na asilimia 48 ya nguvu. Asilimia 33 imekwenda kwa ile toni ngeni ya 24.1, na iliyobaki imetawanyika kwa zile za juu zaidi. Hizo toni ngeni naziita vivuli. Zinakaa kila upande wa 44.1 na mafungu yake: 44.1 toa 20 ni 24.1, na 44.1 jumlisha 20 ni 64.1.

Na kule kuvimba na kunywea kulikonifanya nimtuhumu TDA1543 kulikuwa ni toni ya 20 na kivuli chake cha 24.1 zikipishana. Tofauti yao ni 4.1, na ndiyo ile mara 4,100 kwa sekunde niliyoihesabu kwenye skrini.

Nimegundua pia njia rahisi ya kujua kivuli cha kwanza kitakuwa na ukubwa gani: gawanya masafa ya toni kwa masafa ya kivuli. Kwa kilohezi 10, kivuli kiko 34.1, na 10 kwa 34.1 ni 0.29, yaani karibu desibeli 11 chini ya toni. Nimekipima, kiko hapo. Mahali kilipo kivuli panakueleza pia kama kompyuta imebadilisha kiwango cha sampuli kwa siri. Kama ningekikuta kwenye 38 badala ya 34.1, ningejua Pi inapeleka 48,000, si 44,100.

18 Aprili

Marekebisho ya kwanza. Kwa kuwa upungufu unajulikana kabla haujatokea, naweza kuipandisha trebo kwenye namba zenyewe kabla hazijafika kwenye chipu, kwa kiasi ambacho ngazi zitakishusha. Kichujio kidogo cha dijitali cha namba tatu kinatosha: −1/16, 9/8, −1/16. Kwa besi jumla yake ni 1, haibadilishi kitu. Kadiri masafa yanavyopanda, sampuli za jirani zinageuka ishara, na zile −1/16 mbili zinaanza kuongeza badala ya kupunguza.

Hapa kuna mtego. Ukijumlisha namba hizo bila kujali ishara unapata 1.25. Sampuli iliyokwisha kufika kileleni inaweza kusukumwa robo zaidi ya kilele, nayo itakatwa kichwa, na kukatwa kichwa kunasikika vibaya kuliko trebo pungufu. Nimezidisha zote kwa 0.8. Zikatoka safi mno: faili `coefs.txt` lina mistari mitatu tu.

```
-0.05
0.9
-0.05
```

Nimelipitisha faili la toni na la harusi:

```
sox asili.wav sawa.wav fir coefs.txt
```

Kipimo baada ya kichujio, nikiwa nimerudisha ile 0.8 kwenye hesabu: kilohezi 10 iko juu kwa 0.13, kilohezi 15 chini kwa 0.26, kilohezi 20 chini kwa 1.6. Ile ya 20 bado inalega, kwani namba tatu haziwezi kulifuata pinda lote mpaka mwisho. Mimi siisikii kilohezi 20 kwa umri wangu, na kwenye ganuni kazi kubwa inafanyika chini ya 15.

Nikasikiliza. Nikasikitika. Faili lililorekebishwa lilisikika limezimika zaidi ya lile la asili! Nimekaa nalo nusu saa nikibadilisha huku na huku, ndipo nilipokumbuka kwamba kuzidisha kwa 0.8 kumeshusha sauti yote kwa desibeli 1.94, na sikio huihesabu sauti ndogo kuwa sauti mbaya. Nimetengeneza nakala ya asili kwa `gain -1.94` ili zilingane kwenye besi, nikamwomba dada yangu awe anabadilisha bila kuniambia ipi ni ipi. Mara 10, nimepatia 9. Nilikuwa nasikiliza mahali pamoja tu: pale ganuni inapoingia peke yake baada ya kiitikio, na kucha za mpigaji zinapogusa waya. Kwenye faili la asili unasikia noti. Kwenye lililorekebishwa unasikia ukucha, halafu noti.

19 Aprili

Trebo imerudi lakini vivuli viko palepale. Nimevipima tena leo, na vimepanda pamoja na toni. Haikuwa ajabu nilipofikiri: kichujio cha dijitali kinafanya kazi kabla ya ngazi, hakijui tofauti kati ya toni na kivuli chake, kwani kwenye namba hivyo viwili ni kitu kimoja. Kivuli cha 24.1 bado kiko desibeli 2.3 tu chini ya toni ya 20 baada ya kichujio changu cha analogi.

Mtu atasema kivuli cha 24.1 hakisikiki. Kweli, chenyewe hakisikiki. Lakini kikiingia kwenye amplifaya isiyo nyoofu sana kinapigana na toni ya 20, na ule mpigano wa 4.1 unaangukia katikati kabisa ya masafa ya sauti ya mtu. Sitaki kuuacha.

Wala analogi peke yake haiwezi kuniokoa. Ili kupitisha 20 na kuzuia 24.1 kwa sampuli 44,100, kichujio kinapaswa kuanguka kama ukuta. Ndivyo Sony walivyofanya mwaka 1982 kwenye mashine yao ya CD, CDP-101, kwa vichujio vikali vya analogi vyenye hatua nyingi. Philips walikwenda njia nyingine: mashine zao za kwanza zilitumia chipu ya SAA7030 kupandisha sampuli mara nne, mpaka 176,400, kabla ya kuzipeleka kwenye kigeuzi cha TDA1540 cha biti 14. Vivuli vikasukumwa mbali, na kichujio cha analogi kikabaki cha upole. Sina SAA7030, ila nina kompyuta, na mara mbili zinanitosha kwa kuanzia.

25 Aprili

Nimeandaa mafaili ya sampuli 88,200:

```
sox asili.wav tayari.wav gain -1 rate -v 88200 fir coefs.txt
```

Ile `gain -1` ni kwa sababu wimbi linapochorwa upya kati ya sampuli za zamani linaweza kupita kilele kidogo. Pi imekubali kuyapiga kwa `aplay -D hw:0,0 tayari.wav`. Nimeweka `hw` ili isije ikageuza kiwango njiani. Nimehakiki kwa kivuli: toni ya 20 sasa kivuli chake kiko 68.2, yaani 88.2 toa 20. Hakuna kitu tena kwenye 24.1.

Dirisha limekuwa nusu ya lile la mwanzo, mikrosekunde 11.3, na toni ya 20 sasa inapata hasara ileile iliyokuwa ya 10: desibeli 0.75. Zile namba tatu ambazo zilikuwa zinalega kule juu sasa zinafanya kazi kwenye sehemu ya chini ya pinda, pale zinapolifuata vizuri. Baada ya kila kitu, kichujio cha analogi kikiwemo, nimepima kilohezi 10 juu kwa 0.08, kilohezi 15 juu kwa 0.06, na kilohezi 20 chini kwa 0.23. Kivuli cha 68.2 kimekwenda desibeli karibu 32 chini ya toni, kutoka 2.3, na sijabadilisha hata rezista moja. Kichujio nilichokisingizia wiki nzima ndicho kilichofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa sababu safari hii kimepewa nafasi kati ya 20 na 68 ya kuteremka.

Kwenye oskiloskopu, kilohezi 20 baada ya kichujio ni wimbi la mviringo, limetulia, halivimbi. Kabla ya kichujio ngazi bado zipo, nne kwa mzunguko, kama zilivyokuwa za 10 siku ile.

26 Aprili

Nimempelekea mzee bodi, nikaiunganisha na spika zake ndogo alizozikarabati mwenyewe. Nimempigia harusi. Ganuni ilipoingia peke yake akainua mkono nisiongee, akasikiliza mpaka mwisho wa ubeti, kisha akaomba jedwali jipya, akalilinganisha na la zamani safu kwa safu.

"Sasa umepima kwa kifaa kimoja," amesema, akanirudishia daftari.

Kinachofuata ni kuacha kuandaa mafaili kwa mkono. Nataka kupandisha sampuli na kurekebisha trebo kufanyike humohumo kwenye Pi wakati wimbo unapigwa. Kapasita za kijani nimezirudisha kwenye boksi lake, zikiwa na thamani zake nimeziandika kwa kalamu.